Milioni nne si kikomo cha kupata TIN

"Biashara yangu haifiki milioni nne kwa mwaka, TIN na madaftari ya nini?"

Sheria inataka anayeanza biashara aombe TIN TRA ndani ya siku 15. Shilingi milioni 4 ni kiwango cha mauzo ambacho chini yake mfanyabiashara binafsi hatozwi kodi ya mapato, hakiondoi usajili. Na ni mauzo, si faida. Hapo ndipo wengi hukosea.

Chukua muuza nyanya wa Soko la Majengo, Dodoma, anayeuza milioni 8 kwa mwaka. Kwa jedwali la Sheria ya Fedha ya 2022, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, yaani 30,000: jumla 120,000.

Daftari la mistari linatosha: kila jioni tarehe, mauzo ya fedha taslimu na ya simu, manunuzi na gharama, huku risiti zikihifadhiwa miaka 5. Ukiandika siku za soko kubwa tu, jumla haitalingana na miamala ya simu, na daftari litatiliwa shaka.