Ngoma ya pepo si ya kumtoa pepo, jamani

Mie nafanya kazi kitengo cha afya ya akili hapa Unguja, na familia nyingi zinazotufikia zilishapita kwanza kwa fundi, yaani mganga wa pepo, hilo halinisumbui kabisa. Kinachonichosha ni hii kauli, kila mara ile ile: "tulimfanyia ngoma, tukatumia hela chungu nzima, na pepo hakutoka." Halafu wanaanza kumlaani fundi, wanamlaani mgonjwa, wifi anasema mtu mwenyewe anajifanya, na yule dada wa watu kakaa pembeni anatazama chini. Yaani watu wamekulia humu humu, bibi zao walikuwa viti, yaani watu wanaopandwa na pepo, na bado hawajui ngoma ilikuwa inafanya nini.

Sasa tuanze na hilo hilo. Kwenye ngoma zetu hizi, iwe ya pepo wa aina ya ruhani, kibuki, rubamba au habeshia, hakuna anayemfukuza pepo. Kinyume chake, anaitwa. Anafukiziwa, anapigiwa nyimbo zake, apande kichwani, azungumze, ajulikane jina lake ni nani, katoka wapi, kwa nini kamkalia huyu mtu na anataka nini. Akishasema, mnakubaliana naye. Kwa hiyo wanaohudhuria wanaelewa kwamba pepo hatoki, anatulia, na kesho keshokutwa anaweza kupanda tena akapokewa kwa heshima kama mgeni anayejulikana nyumbani. Kuna watu wanakaa na ruhani mmoja miaka na miaka, na huyo ruhani anajulikana mtaa mzima, ana tabia zake, ana chuki zake, anawauliza watu habari za safari zao.

Kuchanganyikiwa kunatoka wapi? Kunatoka hapa: zipo sehemu nyingine ambako kweli lengo ni atoke. Mtu akisomewa Kurani na shekhe anayepinga ngoma, jini anaamrishwa atoke. Kwenye makanisa ya kilokole mapepo yanakemewa yatoke kwa jina la Yesu. Kule ukiuliza "ametoka?" umeuliza swali linaloeleweka. Ila ukilichukua swali hilo ukaliingiza kilingeni, pale ngoma ya pepo inapochezwa, umepima kitu kwa kipimo ambacho wenyewe hawakukiweka, ndo maana kila ngoma mtaiona imefeli.

Nieleze kwa mfano, nimeuchanganya kutoka familia kadhaa ili asitambulike mtu. Mke wa mtu, ana watoto wawili, anaanza kuumwa kichwa, usingizi hapati, mwili mzito, akisikia harufu ya samaki anatapika, anagombana na kila mtu. Kaenda hospitali kapimwa malaria hana, damu iko sawa, mimba hana, kapewa dawa za maumivu. Miezi inapita. Mama yake mzazi anampeleka kwa fundi, fundi anatazama, anasema huyu ana ruhani, na ruhani mwenyewe ni wa bibi yake mzaa mama, bibi kafariki na ruhani anatafuta kiti kingine kwenye ukoo. Hilo la kurithi ni la kawaida sana kwetu.

Hapo hawakimbilii ngoma. Kwanza ni tiba ndogo, anafukizwa udi na ubani, anaoga dawa, anakunywa kombe lililoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe likaoshwa kwa marashi mawaridi. Hii ni ya kumtuliza pepo na kumwambia tumekusikia, tupe muda. Watu wengi hapa ndo wanaishia, wanapata nafuu, hawaendelei.

Yule dada hakupata, wakafanya ngoma. Usiku wa kwanza alitetemeka tu na kulia, hakusema neno. Familia ikaona imeliwa hela, lakini kwa wenyewe hiyo haina shida, pepo mgeni hajui kuongea, kiti nacho hakijazoea. Usiku wa pili ndo akasema. Alitoa salamu kwa Kiarabu, akajitaja, akasema ni mtu wa Arabuni, Mwislamu, akasema amekasirika kwa sababu alipokufa yule bibi vitu vyake vyote viligawanywa na hakuna aliyemuuliza yeye. Na akataja na mume, kwamba anamfokea kiti chake mbele ya watoto. Akataka kanzu nyeupe, pete ya fedha, marashi, na ngoma ya siku saba kila mwaka.

Hapa sasa ndo pa kusikiliza vizuri, maana hapa ndipo kazi inafanyika. Mjomba akamjibu kwa adabu, "bwana, tumekusikia, kanzu na pete tutakupa, ila ngoma ya siku saba hatuna uwezo, pokea chano, sinia la vyakula vyako, mwaka huu." Pepo akakataa, fundi akaingia kati, wakavutana, mwisho akakubali chano na udi kila usiku wa kuamkia Ijumaa, na mume akaahidi mbele ya wazee wote kwamba hatamfokea tena. Yule dada mwenyewe akishuka pepo hakumbuki, anahadithiwa. Lakini maneno ambayo asingethubutu kuyasema mbele ya mama mkwe yameshasemwa, na hakuna anayeweza kumlaumu yeye maana kwa wote waliokaa pale si yeye aliyesema. Mie kama muuguzi naona faida yake hapo, ila nawaomba wenzangu wa hospitali msiende kuwaambia watu kwamba pepo ni "njia ya mke kulalamika". Wao hawaelewi hivo. Kwao aliyelalamika ni ruhani, ana maslahi yake, na mara nyingine anataka vitu ambavyo huyo mke havitaki kabisa.

Angalia kibuki. Kibuki katoka Bukini, yaani Madagaska, ni mfalme au mtu wa ukoo wa kifalme, Mkristo, na anakunywa brandi. Anampanda mama wa Kiislamu anayeswali sala tano na hajawahi kugusa pombe. Brandi inanyweka pale mbele ya watu, na kibuki akishaondoka hakuna anayesema yule mama kalewa. Aliyekunywa ni kibuki. Usipoielewa tofauti hiyo kati ya mtu na aliyempanda hutaelewa chochote kinachofanyika kwenye kilinge.

Baada ya ngoma dada alikaa vizuri mwaka na zaidi. Kisha mume akasafiri, kanzu haikushonwa, udi ukasahaulika, usingizi ukapotea tena. Familia ikasema pepo hakutoka. Fundi akasema ahadi haikutimizwa. Kwa mantiki ya ngoma jibu la fundi ndo sahihi, ugonjwa ukirudi ni madai, na dawa yake ni kurudi kwenye makubaliano. Badala yake kaka yake mkubwa akampeleka kwa mtu mwingine kabisa akachapwa bakora jini atoke, akaja kwetu mgongo umevimba na hataki kuongea na mtu. Hili linaniuma kweli. Kumpiga mgonjwa si tiba ya kilinge wala ya hospitali, na linaanza na lile swali baya la "ametoka?".

Ushauri wangu, na huu nautoa kwa kila familia hata wakichoka kunisikia: nunueni daftari. Usiku pepo anapozungumza mtu mmoja aandike, kaahidiwa nini, na nani, kitatimizwa lini. Wazee walikuwa wanakumbuka kichwani, nyinyi hamkumbuki. Na msikubali mnachojua hamtaweza kulipa, bei inajadiliwa, fundi anayekataa mjadala na kuongeza vitu kila wiki muondokeeni.

Na hili si la Waswahili peke yetu. Zari ya Sudani iko hivyo hivyo, wanawake wanaishi na mapepo yao maisha yote, wanayapa nguo na vyakula vyao. Tromba ya Wasakalava kule Madagaska, ambayo ndo ndugu wa kibuki chetu, wafalme waliokufa wanapanda na kuulizwa shauri. Vimbuza ya Watumbuka kaskazini mwa Malawi imo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008, na mgonjwa wa vimbuza anatibiwa kwa kuicheza ngoma ya pepo wake, wapo wanaoishia kuwa waganga wenyewe.

Mengine nayapitia haraka.

"Anaigiza tu." Kilinge hakimwamini kila anayetetemeka. Mafundi wanauliza maswali, wanaangalia kama pepo anaijua lugha yake, nyimbo zake, adabu zake, na wapo wanaoambiwa waziwazi huyo si pepo, nenda nyumbani. Kujifunza namna ya kupandisha si uongo, hata swala mtu anafundishwa.

"Kupandisha pepo ni wazimu." Sio. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika 2022, unaitaja hali ya kupagawa kama ugonjwa pale inapomjia mtu bila kuitaka, ikamletea dhiki au kumharibia maisha, na iwe si sehemu ya mila au ibada inayokubalika na jamii yake. Mama anayepandisha ruhani wake kilingeni na Jumatatu yuko dukani kwake anauza, huyo hatumwandikii ugonjwa.

"Ukienda kwa fundi usimeze dawa za hospitali." Hapa nitakuwa mkali. Kifafa si pepo wa ngoma na tofauti yake inaonekana. Pepo anakuja kwa ngoma, kwa udi, mbele ya watu, anasema sentensi zinazoeleweka, kiti hakianguki motoni. Kifafa kinakuja popote, hata usingizini, mwili unakakamaa na kurusha, mtu anaweza kujing'ata ulimi na kujikojolea, kinaisha kwa dakika moja mbili, kisha anasinzia na hajui alipo. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, tumewaona, na pepo wake hazuiwi na vidonge. Lakini ukiziacha ghafla dawa za kifafa, kwa mfano fenobabito, degedege zinaweza kuja mfululizo bila kukata na mtu akafa. Ikipita dakika 5 hajatulia, gari, hospitali, usingoje fundi.

Vivyo hivyo mtoto mwenye homa anayekakamaa, inaweza kuwa malaria imepanda kichwani, na mama mjamzito anayekakamaa, inaweza kuwa kifafa cha mimba, na mzazi ambaye wiki mbili baada ya kujifungua halali, anasikia sauti na anamwogopa mtoto wake. Hao watatu waletwe siku hiyo hiyo. Ruhani kama yupo ataahidiwa chano chake, na kuahidi kwenyewe kunafanyika hata mkiwa njiani, mafundi wazuri ninaowajua ndo wanavyofanya, wanafukiza kidogo, wanasema "bwana subiri, mtu wako anakwenda kutibiwa", na wanapanda gari pamoja na mgonjwa.