Mwalimu, ni nani hasa anayeajiri mhandisi anayeanza?

"Shikamoo Mwalimu. Tangu nimalize Uhandisi Ujenzi imefika miezi kumi na minne. Nimetuma maombi 41, nimejibiwa na kampuni tatu, na zote zinataka uzoefu wa miaka mitano. Siombi unitafutie kazi. Naomba uniambie ukweli tu: katika fani yetu, nani hasa anamchukua mtu anayeanza?"

Marahaba, mwanangu. Umeniruhusu nikujibu hadharani kwa kuwa wenzako wengi wanauliza hilohilo. Nimeipitia orodha ya kampuni uliyoniambatishia, na jibu limelala humo humo. Kati ya maombi 41, 29 uliyapeleka kwa kampuni za wahandisi washauri. Umegonga sana mlango ambao kwa mtu wa hatua yako ni mgumu kuliko yote.

Ngoja nikueleze kwa nini. Kampuni ya ushauri inauza miaka ya watu wake. Zabuni ya kusimamia ujenzi wa barabara ikitangazwa, nyaraka zake hutaja nafasi moja moja: mhandisi mkazi, mhandisi wa vifaa vya ujenzi, mpima. Kila nafasi ina miaka yake ya uzoefu, na wasifu wa kila anayependekezwa hupewa alama. Kazi ikipatikana, mwenye mradi hulipa kwa mwezi wa mtu: fulani miezi kadhaa, kwa kiwango fulani. Wewe huna mstari katika jedwali hilo. Kampuni ikikuajiri, mshahara wako unatoka mfukoni mwake. Ile "miaka mitano" unayoiona kwenye tangazo mara nyingi imenakiliwa kutoka nyaraka za zabuni, na aliyeiandika hakuwa amekudharau. Wapo washauri wanaochukua vijana kwa ajili ya michoro, au wanaopokea wahitimu wa mpango wa mafunzo wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ule wa SEAP ulioanza 2003. Waombe hao, lakini usiwafanye tegemeo lako lote.

Mkandarasi hesabu yake ni nyingine. Yeye halipwi kwa miaka yako. Analipwa kwa mita za barabara zilizokamilika na kukubaliwa, na kuna kazi ndogo ndogo zinazomchelewesha kila siku ambazo mhitimu mwangalifu anaweza kuzifanya.

Nitakupa mfano wa binti mmoja wa darasa lililowatangulia. Aliajiriwa na mkandarasi wa kati aliyekuwa akijenga barabara ya wilaya. Kila tabaka la kifusi likishindiliwa, lazima lipimwe kabla ya kumwaga linalofuata. Unachimba shimo dogo lenye kina cha tabaka, unapima uzito wa udongo uliotoka, kisha unajaza shimo kwa mchanga ambao uzito wake kwa kila ujazo unaujua, ili upate ukubwa wa shimo. Siku moja alipata udongo gramu 3,150 na shimo la sentimita za ujazo 1,500. Hiyo ni gramu 2.10 kwa kila sentimita ya ujazo, udongo ukiwa na maji yake. Unyevu ulikuwa asilimia 8, kwa hiyo, ili kuondoa uzito wa maji, akagawa 2.10 kwa 1.08 akapata 1.944. Maabara ilikuwa imeonyesha kuwa udongo ule ukishindiliwa vizuri kabisa unafika 2.05. Akagawa tena, 1.944 kwa 2.05: asilimia 94.8. Mkataba unataka 95.

Msimamizi wa greda akamwambia aandike 95, tofauti yenyewe ni kidogo. Hakuandika. Aliangalia unyevu, akaona udongo ni mkavu kuliko kiwango kinachofaa kwa kushindiliwa, akaomba bouza la maji lipite na rola irudi. Kipimo cha pili kikavuka 96. Saa mbili zilipotea, lakini mhandisi mshauri alipokuja kurudia vipimo vyake hakulikataa tabaka. Likikataliwa, linachimbuliwa na kushindiliwa upya kwa gharama ya mkandarasi. Kuanzia siku ile mkandarasi alijua binti huyu anamwokolea fedha, na mradi ulipokwisha alihama naye kwenda mradi mwingine.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili: mkandarasi wa kati aliyetoka kushinda kazi. Wale wakubwa sana wana watu wao wanaowahamisha kutoka saiti moja hadi nyingine. Wadogo mno mara nyingi mwenye kampuni ndiye anayefanya kila kitu. Wa katikati, mwenye mradi wa barabara wa TARURA au wa maji wa RUWASA nje ya mji, hukwama kwa sababu watu wenye uzoefu hawataki kukaa kijijini mwaka mzima.

Na wakati una maana kubwa. Mkandarasi anahitaji watu katika wiki chache kati ya kusaini mkataba na kuanza kazi, anapojenga kambi na kuleta mitambo. Ukisubiri tangazo gazetini, umechelewa. Wengi wao hawatangazi. Siku hizi zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST. Fuatilia nani kapewa kazi gani, kisha nenda saiti kwa miguu yako. Muulize meneja wa mradi, maana ofisi ya Dar es Salaam itakwambia uache barua mapokezi. Usimwambie una shahada, hilo atalisoma mwenyewe. Mwambie unaweza kupima ushindiliaji, kufanya kipimo cha zege kwa koni na kuandaa vipimo vya kazi vya malipo ya mwezi. Kama moja ya hayo hujawahi kulifanya kwa mkono wako, tafuta maabara ya udongo ujifunze kwanza, hata kwa wiki mbili.

Sasa kuna wanaoonekana kama wanaajiri, kumbe hawaajiri. Niliwahi kupigiwa simu na kampuni iliyotaka "mhitimu wa haraka". Nikampeleka kijana wangu. Walichukua nakala ya vyeti vyake na namba yake ya usajili wa Bodi, wakamsainisha barua ya kukubali kazi, kisha kimya. Miezi baadaye akagundua jina lake limewekwa kwenye zabuni kama mtumishi wa kampuni. Hadi leo naumia kwamba mimi ndiye niliyemtuma. Utawatambua hivi: wanauliza sana kuhusu vyeti na sahihi, hawaulizi unaanza lini, wala hawakutajii saiti wala mtu utakayeripoti kwake. Anayekuhitaji kweli atakuuliza kama unaweza kusafiri Jumatatu.

Serikali nayo inaajiri wanaoanza, na kwa uwazi kuliko wengine. Kwenye matangazo ya Sekretarieti ya Ajira tafuta "Mhandisi Daraja la II". Hilo ndilo daraja la kuanzia. Mara nyingi wanataka uwe umesajiliwa na Bodi, kwa hiyo kamilisha usajili wa mhandisi mhitimu sasa, usingoje tangazo. Ukifaulu usaili nafasi zikawa zimejaa, jina lako linaweza kubaki kwenye kanzidata na ukapangiwa baadaye. Foleni yake ni ndefu, ndiyo maana nakushauri uisubiri ukiwa saiti.

Jambo moja uliulize kabla hujakubali kazi popote: je, pale kuna mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa atakayekuwa msimamizi wako? Ili Bodi ikupandishe kutoka mhandisi mhitimu hadi mhandisi mtaalamu, unahitaji angalau miaka mitatu ya kazi chini ya mtu wa namna hiyo. Kama mkandarasi hana, muulize mhandisi mshauri wa mradi huohuo kama atakubali kukusimamia, na uanze kuandika kazi zako tangu siku ya kwanza: tarehe, kipande cha barabara, ulichopima, ulichoamua.

Nitumie orodha yako mpya ukishaitengeneza. Nikiona mkandarasi ninayemfahamu, nitampigia simu.