Ukurasa mmoja kwa bosi aliyekosa kikao: yanayodhaniwa na yalivyo

Wengi hudhani kazi ya kumfupishia bosi kikao alichokosa kwa ukurasa mmoja ni kukamua tu. Una muhtasari wa kikao wenye kurasa 14 na agenda saba, basi kila agenda uipe mistari mitatu, ukurasa umejaa. Jina “muhtasari” lenyewe linatuponza, maana maofisini kwetu hata hizo kurasa 14 tunaziita muhtasari.

Ukweli ni kwamba agenda hufuata mtiririko wa mazungumzo, na mazungumzo hurudi nyuma. Tuseme Mkurugenzi wa Fedha alikuwa safarini. Ukurasa wa 6, kikao kimeridhia kununua jenereta kwa shilingi milioni 48. Anayekamua ataandika hivyo na kusonga mbele. Kumbe ukurasa wa 13, kwenye Mengineyo, mhasibu amekumbusha kuwa fungu lililotengwa ni milioni 35, na mwenyekiti ameagiza oda isitolewe mpaka Fedha waeleze, kufikia tarehe 20, milioni 13 zilizopungua zitatoka wapi. Mkurugenzi akisoma ukurasa uliokamuliwa atadhani jenereta imeshapita, ilhali yeye ndiye anayesubiriwa.

Ndiyo maana mimi huanza kusoma nyuma: Mengineyo kwanza, kisha Yatokanayo, ndipo agenda zenyewe. Neno “jenereta” nalisaka kila lilipotajwa, na ninachoandika ni pale jambo lilipoishia. Juu kabisa ya ukurasa huwa hivi:

“Fedha: kueleza chanzo cha milioni 13 za jenereta kufikia tarehe 20. Ununuzi umesimama hadi hapo (Mengineyo, uk. 13).”

Namba ya ukurasa usiiache. Bosi mwenye shaka atafungua palepale badala ya kukupigia simu saa mbili usiku.

Dhana nyingine ni kwamba “walikubaliana” linatosha popote. Halitoshi. “Iliazimiwa” inamfunga mtu kutekeleza, “ilipendekezwa” bado inasubiri idhini, na “ilijadiliwa” haimdai yeyote kitu. Nakili kitenzi kama kilivyo. Ukikuta “ilionekana ni vyema”, usikipandishe cheo kiwe azimio. Muulize katibu, naye aangalie daftari lake. Mjumbe mmoja mmoja atakueleza alichotamani kipite.

Kupunguza herufi hadi saizi ya 8 ili yote yaenee, hilo silijadili.

Wapo pia wanaoamini mjadala wote hutupwa. Sehemu kubwa hutupwa kweli, ila sababu ya uamuzi wenye masharti hubaki, japo kwa sentensi moja. Bila ile milioni 35, mkurugenzi hataelewa kwa nini ununuzi ulioridhiwa umesimama.

Chini ya ukurasa andika: “Muhtasari haujathibitishwa.” Wajumbe huweza kuusahihisha kikao kijacho kabla haujasainiwa, na wakigusa ukurasa wa 13, mkurugenzi atumiwe ukurasa mpya siku hiyohiyo.