Familia yenye asilimia 7 inavyoshika usukani wa Hyundai

Tunapofundisha wawekezaji wapya, huwa nauliza: ukitaka kuitawala kampuni, unahitaji hisa ngapi? Karibu darasa zima hujibu asilimia 51. Jibu hilo ni sahihi kwa kampuni moja iliyosimama peke yake. Kampuni zikianza kumilikiana, hesabu inabadilika kabisa.

Chukua familia yenye shilingi milioni 51. Inaanzisha kampuni ya kwanza yenye mtaji wa milioni 100, na milioni 49 zilizobaki zinatolewa na umma kupitia soko la hisa. Milioni 100 hizo zote zinakwenda kununua asilimia 51 ya kampuni ya pili, ambayo kwa hiyo ina mtaji wa milioni 196. Ya pili nayo inafanya vivyo hivyo kwa ya tatu, na mtaji wa hii ya tatu unafika milioni 384. Familia haijaongeza hata senti, lakini ndiyo inayochagua bodi zote tatu. Hiyo ndiyo piramidi. Sasa angalia upande wa pili: kampuni ya tatu ikipata hasara ya shilingi 100, familia inaumia shilingi 13 tu. Nyingine 87 ni za watu wengine. Ukikumbuka namba hizo mbili, yaani amri yote na maumivu 13, umeshaelewa nusu ya somo.

Nusu ya pili ni duara. Katika piramidi, juu kabisa lazima awepo mtu mwenye hisa za kutosha. Katika duara, hata huyo si lazima awepo. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni kundi la Hyundai la Korea Kusini, linaloongozwa na familia ya Chung. Hyundai Mobis, inayotengeneza vipuri, inamiliki takriban asilimia 21 ya Hyundai Motor. Hyundai Motor inamiliki takriban asilimia 34 ya Kia. Kia nayo inamiliki takriban asilimia 17 ya Mobis, na hapo tumerudi tulikoanzia. Zote tatu zimeorodheshwa katika soko la hisa, na wanahisa wao wengi hawana undugu wowote na familia hiyo.

Fikiria mkutano mkuu wa Mobis. Mzee Chung Mong-koo, aliyekuwa mwenyekiti wa kundi hadi mwaka 2020, alikuwa na takriban asilimia 7 kwa jina lake. Asilimia 17 za Kia, je, zinapigiwa kura na nani? Na uongozi wa Kia. Uongozi wa Kia umewekwa kwa kura za Hyundai Motor, ule wa Hyundai Motor unategemea kura za Mobis, na Mobis ndiyo yenye mkutano leo. Kwa hiyo kampuni inajipigia kura yenyewe kwa mkono wa jirani, na familia inahitaji kuongeza kidogo tu pembeni ili mkono huo uelekee inakotaka.

Mtu atauliza kwa nini wajisumbue na kampuni tatu wakati mbili zingetosha. Sababu ni sheria. Nchini Korea, kampuni ikiwa na zaidi ya asilimia 10 ya nyingine, hii nyingine haiwezi kupiga kura kwa hisa ilizonazo katika ile ya kwanza. Isitoshe, makundi makubwa yamekatazwa tangu miaka ya 1980 kushikiana hisa ana kwa ana, wewe kwangu na mimi kwako. Ukiingiza kampuni ya tatu katikati, kizuizi hicho hakikugusi. Maduara mapya yalipigwa marufuku mwaka 2014, lakini yale ya zamani yaliachwa.

Mwaka huohuo wa 2014, gharama ya mpango huu ilionekana mchana kweupe. Shirika la umeme la Korea lilikuwa linauza kiwanja cha makao yake makuu huko Gangnam, Seoul. Wathamini walikuwa wamekadiria kiwanja hicho kwa woni trilioni 3.3. Septemba 18 ikatangazwa kwamba kundi la Hyundai limeshinda zabuni kwa woni trilioni 10.55, zaidi ya mara tatu ya makadirio. Lengo lilikuwa kujenga makao makuu mapya. Bei ya hisa za Hyundai Motor ilishuka kwa takriban asilimia 9 siku hiyohiyo, na Kia na Mobis nazo zikaanguka.

Bili iligawanywa hivi: Hyundai Motor asilimia 55, Mobis 25, Kia 20. Nimekaa na kalamu nikazifuata hisa za familia, zile za moja kwa moja na zile zinazopita ndani ya duara, na katika kila woni 100 zilizotolewa, sehemu ya familia ni kama 7. Sisemi kwamba ununuzi ule ulikuwa wizi. Kiwanja kipo, na ardhi ya Gangnam si ya kubeza. Ila mtu anayelipa 7 na kupata makao makuu yote hapigi zabuni kama mtu anayelipa 100.

Hatari kubwa zaidi huja pale familia inapokuwa na sehemu ndogo katika kampuni moja na sehemu kubwa katika nyingine ya kundi lilelile. Hyundai Glovis, kampuni ya usafirishaji iliyoanzishwa mwaka 2001, ilikuwa mali ya mzee Chung na mwanawe Chung Eui-sun, na kazi yake kuu ilikuwa kuhudumia Hyundai na Kia. Hata baada ya kuuza sehemu kwa umma, baba na mwana walibaki na karibu asilimia 30. Kila woni iliyohama kutoka Mobis kwenda Glovis, iwe kwa bei ya huduma au kwa njia nyingine, ilitoka kwenye mfuko ambao walikuwa na asilimia 7 na kuingia kwenye mfuko ambao walikuwa na 30.

Ndiyo maana Machi 2018, kundi lilipotangaza kuimega Mobis na kuunganisha sehemu yake ya vipuri vya matengenezo na Glovis, wanahisa wadogo walikwenda moja kwa moja kwenye uwiano wa kubadilishana hisa, yaani mwenye hisa za Mobis angepewa ngapi za Glovis. Mpango ulisemekana kuwa ni wa kulivunja duara, na kweli ungelivunja. Lakini wanahisa wa Mobis waliona sehemu yao imepewa bei ya chini na Glovis imepewa bei ya juu. Mfuko wa uwekezaji wa Kimarekani, Elliott, ulipinga, na kampuni zinazowashauri wanahisa namna ya kupiga kura, ISS na Glass Lewis, zikashauri kura ya hapana. Mei 21, siku chache kabla ya mkutano, mpango uliondolewa mezani. Duara likabaki.

Ukitaka kuikagua kampuni yoyote kwa jicho hili, fungua ripoti yake ya mwaka sehemu mbili tu. Kwanza jedwali la wanahisa wakubwa: ukikuta jina la kampuni badala ya mtu, tafuta ripoti ya kampuni hiyo na uendelee kupanda hadi ufike kwa binadamu, au ujikute umerudi kwenye kampuni uliyoanza nayo. Zidisha asilimia ulizopita njiani ujue sehemu ya huyo binadamu. Pili, maelezo kuhusu miamala na wahusika wenye uhusiano, yaliyo nyuma kabisa ambako wengi hawafiki. Hapo angalia nani anauziwa nini, na kama biashara inaelekea kule ambako familia ina sehemu kubwa.

Korea ilipokaza kanuni za biashara za ndani ya makundi, kiwango cha umiliki wa familia kinachoifanya kampuni iliyoorodheshwa imulikwe kilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 20, kuanzia mwisho wa mwaka 2021. Januari 2022, mzee Chung aliuza hisa zake zote za Glovis. Mwanawe alipunguza zake hadi asilimia 19.99.