Je, wajua? Kipimo ni kilekile, ila uzito wa jibu lake hubadilika

*"Wanasema kipimo cha VVU kinapatia karibu kila mara. Sasa mbona mtu akitoka chanya wanampima tena na tena kabla ya kumwambia?"*

Kwa sababu asilimia inayotajwa kwenye maelezo ya kipimo siyo ile anayoihitaji aliyepimwa. Ya kwenye maelezo hupatikana kwa kupima damu za watu ambao hali zao zinajulikana tayari. Ukichukua watu 100 wenye virusi na kipimo kikawakamata 99, unyeti wake ni asilimia 99. Ukichukua 100 wasio na virusi na kipimo kikawaacha 98 waende zao, umahususi wake ni asilimia 98. Hivi ndivyo viwango vya chini ambavyo Shirika la Afya Duniani, WHO, linavitaka kwa vipimo vya haraka vya VVU.

Lakini mtu aliyeketi mbele ya mpimaji hajui hali yake, na ndiyo maana amekuja. Yeye anaanzia upande wa pili: jibu limeshatoka chanya, je, kuna uwezekano gani kwamba kweli ana virusi? Jawabu la swali hilo huitwa thamani tabiri chanya. La mwenye jibu hasi, anayetaka kujua kama kweli yu salama, huitwa thamani tabiri hasi. Hakuna kiwanda kinachoweza kuchapisha namba hizi mbili kwenye pakiti, kwani zinategemea pia ni nani waliopanga foleni siku hiyo.

Tuhesabu. Tuseme wamepimwa watu 10,000 na asilimia 10 kati yao wana virusi, yaani watu 1,000. Kipimo chetu kitawakamata 990 na kuwakosa 10. Waliobaki 9,000 hawana virusi, lakini asilimia 2 yao, watu 180, nao watatoka chanya. Jumla ya chanya ni 1,170, na kati yao 990 ni wa kweli. Ni kama asilimia 85.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Kipimo ni kilekile, mpimaji ni yuleyule, ila wenye virusi ni asilimia 1. Ni watu 100, na kipimo kinawakamata 99. Wasio na virusi ni 9,900, na asilimia 2 yao ni 198. Chanya zote ni 297, za kweli ni 99. Theluthi moja! Katika kila watu watatu waliotoka chanya, wawili hawana virusi kabisa. Kipimo hakijaharibika. Kosa lake ni lile dogo la asilimia 2, isipokuwa sasa linaangukia kundi kubwa la wazima, huku wa kukamatwa wakiwa wachache.

Jibu hasi huelekea upande wa pili. Katika kundi la kwanza hasi zilikuwa 8,830 na 10 kati yake zilikuwa za uongo. Katika kundi la pili ni 9,703, na ya uongo ni moja tu. Namba hiyo inapendeza, lakini isimpumbaze mtu. Katika kundi lenye asilimia 1, hata mpimaji mvivu anayewaandikia wote "hasi" bila kugusa damu angepatia mara 99 kwa kila 100. Kwa hiyo ukisikia tu kwamba kipimo fulani "kinapatia kwa asilimia 99", bado hujaambiwa kitu.

Hapo ndipo kipimo cha pili kinapoingia, na kazi yake ni nzuri kuliko inavyoonekana. Wale 297 si umma wa kawaida tena. Ndani yao theluthi wana virusi, kwa hiyo kipimo cha pili kinaanzia kwenye kundi lenye asilimia 33, si 1. Kikiwa na uwezo uleule, kitawathibitisha 98 kati ya wale 99, na kati ya wale 198 kitakosea kwa watu 4 hivi. Thamani tabiri imepanda hadi asilimia 96.

Je, 96 inatosha? Kwa jibu linalomwingiza mtu kwenye dawa za maisha yake yote, WHO inataka isipungue 99. Ukirudia hesabu hii ya vipimo viwili kwa kundi lenye asilimia 10, unapata zaidi ya 99 bila taabu. Kwa kundi lenye asilimia 5, unafika 99 na kupita kidogo sana. Chini ya hapo vipimo viwili huanza kupwaya, ndiyo maana mpaka uliwekwa kwenye asilimia 5: kundi lililo juu yake lilipimwa kwa vipimo viwili vinavyokubaliana, na lililo chini yake kwa vitatu.

Mwaka 2019 WHO ilizishauri nchi zote zihamie kwenye vitatu, na sababu yake ni mafanikio. Wengi wenye VVU wameshajua hali zao na wanatumia dawa, hivyo hawamo tena kwenye foleni ya kupima. Waliobaki foleni ni wengi, lakini wenye virusi ndani yao wamepungua. Kwa maana hiyo, hata nchi yenye maambukizi mengi inaweza kuwa na foleni yenye maambukizi machache, na ni foleni inayoamua thamani ya jibu.

Kuna sharti moja ambalo hesabu yote inalitegemea: makosa ya kipimo cha pili yasifuatane na ya kwanza. Mtu anaweza kuwa na kingamwili nyingine mwilini zinazonasa kwenye kipimo fulani kana kwamba ni za VVU. Ukimrudia kwa kipimo cha aina ileile, kingamwili zilezile zitanasa tena, na utakuwa umepata kosa moja mara mbili. Ndiyo maana cha pili na cha tatu huwa vya aina tofauti. Vyote vitatu vikikubaliana, jibu ni chanya. Viwili vikisema chanya na cha tatu kikakataa, jibu halijulikani bado, na mtu huombwa arudi baada ya siku 14.

Unyeti nao una mpaka. Zile 99 kwa 100 zinahusu mwili ambao umeshatengeneza kingamwili. Aliyeambukizwa siku chache zilizopita bado hana za kutosha, na kipimo cha kingamwili hakitamwona, hata kiwe bora kiasi gani. Thamani tabiri hasi tuliyoihesabu haimhusu mtu huyo.

Kwa wanaosimamia kituo, hesabu hii inatoa pia njia ya kukagua kazi. Umahususi ukiwa asilimia 98, chanya za uongo katika kipimo cha kwanza zisizidi watu 2 hivi kwa kila 100 wasio na virusi waliopimwa. Zikiwa 5 au 6, kupungua kwa maambukizi hakuwezi kulaumiwa, maana kunashusha thamani tabiri tu, hakuongezi kasi ya kukosea kwa wazima. Hapo tazama kama vipimo vilihifadhiwa kwenye joto kali, kama muda wake umepita, au kama mpimaji anasoma mstari baada ya dakika zilizoelekezwa kwisha, wakati ambapo mstari hafifu unaweza kujitokeza hata kwa asiye na virusi.