Skripti ya mwalimu mbele ya kamera si risala

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne ukiingia hapa Tanga, kila karatasi yenye maneno ya kuaga inaitwa risala, hata ile ya mwalimu anayerekodiwa video. Skripti ya kamera ni maneno atakayosema mtu mmoja akiitazama lenzi, pamoja na maelekezo ya wapi anyamaze na wapi picha ibadilike. Basi, maana yake ni hiyo tu.

Risala ina wenyewe. Husomwa na wahitimu mbele ya mgeni rasmi: wanataja idadi yao, wanasifu walimu, kisha wanafika kwenye changamoto, yaani madawati, maabara na uzio, wakitumaini mgeni atatia mkono mfukoni. Mwalimu anayewaaga wanafunzi wake kwa video hana wa kumwomba uzio.

Hata hivyo nililetewa karatasi ya video ya dakika tatu iliyoanza hivi: "Ndugu mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa." Ukiongea kwa utulivu unatoa maneno kama 120 kwa dakika, kwa hiyo dakika tatu zinabeba 360 hivi. Karatasi ile ilikaribia 800. Salamu na shukrani peke yake zilikula karibu dakika nzima kabla mhitimu hajatajwa, na huyo mhitimu atakuwa ameketi peke yake na simu mkononi. Haoni meza kuu yoyote.

Kilichoniudhi zaidi ni sentensi ya "safari yenu imefika mwisho." Mahafali yetu ya kidato cha nne kwa kawaida hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba. Unamwambiaje mtoto amefika wakati hajaingia chumba cha mtihani?

Tulipoifumua, salamu ziliondoka zote, "ninyi" ikawa "wewe", na mwanzo ukasomeka hivi:

"Miaka minne umefika hapa kabla ya kengele. Nilikuona. (Nyamaza sekunde mbili.) Mtihani ni Novemba. Leo usiku fungua daftari la hesabu kwenye ukurasa unaoukwepa."

Ni maneno 20, sekunde kumi na kituo chake. Mabano hayasomwi, ingawa nimewahi kumsikia mtu akiyasoma. Sentensi zilizobaki tulizipima kwa pumzi: mwalimu alisoma kwa sauti, na pale pumzi ilipokata kabla ya nukta tukaigawa sentensi. Kisha karatasi ikabandikwa chini kidogo ya lenzi, kwa herufi kubwa, kwa sababu akiishika mkononi macho yatashuka kila mstari na mtazamaji ataona anasomewa.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, ukiombwa skripti usipeleke risala. Na ukiombwa uandike risala, waambie kwa upole kwamba hiyo ni kazi ya wahitimu. Wewe utawasahihishia tahajia.