Paleti iliyovunjika kona bado sio kuni

Hapa Kigoma watu wakiona paleti imevunjika kona wanaanza kuipasua, ya tanuru la matofali hiyo, ya jikoni hiyo. Mimi kazi yangu ni kuwahi kabla shoka halijafika. Nanunua paleti na makasha kwenye maduka ya hadwea pale Mwanga, kwa wanaoshusha mizigo ya bandarini na Kibirizi, natengeneza halafu nauza tena. Leo nieleze kitu kimoja tu ambacho naulizwa sana, najuaje hii inatengenezeka na hii imeshakufa, na nikiitengeneza nafanyaje.

Kwanza jua inavunjika wapi. Kwenye maghala makubwa yenye foklifti nyingi, mbao inayoumia ni ile ya ukingoni kwa juu maana ndo inayogongwa na uma. Huku kwetu mizigo mingi inashushwa kwa mikono, paleti ikishakuwa tupu vijana wanaitupa toka juu ya lori, inatua kwa kona. Kwahiyo paleti nyingi ninazopata mbao za katikati ni nzima kabisa ila mguu wa kona umepasuka au umejizungusha kwenye misumari yake. Halafu zipo zilizokaa chini kwenye udongo msimu mzima wa mvua, hizo mbao za chini zimeoza au mchwa wameshaingia.

Mchwa huwezi kuuona kwa macho tu. Unagonga na nyundo mbao moja moja, nzima inalia, iliyoliwa inatoa sauti nzito ya bubu, ukiisikia hiyo chukua bisibisi kandamiza, ikizama bila nguvu basi hiyo mbao imekwisha. Mbao ya juu ikiliwa nabadilisha tu, ila miguu ikishaliwa zaidi ya mmoja naiweka pembeni paleti nzima, inakuwa ya kutoa spea. Na madoa usiyapuuze. Mawese sio ishu sana kwa duka la saruji, lakini mtu wa nafaka au dagaa usimpe, inateleza na inanuka. Doa usilolijua lenye harufu kali ya dawa, hiyo hata spea usitoe, na wala usiipeleke jikoni kwa mtu.

Sasa tuchukue moja iliyo mbele yangu wiki hii. Ilikuja na marumaru, sentimita 120 kwa 100, ina mbao 7 za juu, 3 zinazokatiza chini yake, miguu 9 na mbao 3 za chini, jumla vipande 22. Mbovu ni mbao mbili za juu, mguu mmoja wa kona na mbao moja ya chini. Vinne. Ipime kona kwa kona kwanza kabla hujagusa msumari, kwa saizi hiyo inatakiwa isome kama sentimita 156 pande zote mbili, pande zikipishana zaidi ya sentimita mbili ujue imekaa upande, ukipigilia hivyohivyo umeifunga ikiwa imepinda. Hii ilikuwa imepishana, nikaigonga kona ndefu mpaka zikalingana, ndo nikaanza.

Kutoa mbao mbovu vijana wengi wanatumia mtalimbo. Shida ni kwamba misumari ya paleti sio kama ya kawaida, ina mikunjo imezungukazunguka mwilini inashika mbao kama kucha, ukiinua kwa nguvu msumari haung'oki, inapasuka mbao ya jirani yake au inang'oka nyama ya mguu. Mimi naingiza msumeno wa chuma kwenye upenyo kati ya mbao na mguu nakata misumari hapohapo, kichwa kinabaki kwenye mbao, mwili unabaki ndani ya mguu, haunidhuru kitu. Inachelewesha kidogo lakini spea inatoka nzima, na spea ndo faida yenyewe kwenye hii kazi.

Kupigilia ndo wengi wanaharibu. Usirudie tundu la zamani, sogea pembeni, na misumari miwili usiipange kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mbao, ipishanishe, la sivyo unaipasua mwenyewe. Pine iliyokauka miaka mingi inapasuka hata kwa kuiangalia, nipo serious, kwahiyo gonga ncha ya msumari iwe butu kidogo au toboa kwanza kwa drili. Urefu nao. Mbao ya juu ina milimita 22, inayokatiza 22, jumla 44 kabla hujaufikia mguu. Msumari wa nchi 3 ni kama milimita 76, maana yake unaingia kwenye mguu milimita 32 tu, hautoshi, utalegea wiki ya kwanza. Tumia wa nchi 4. Mbao za chini zinapigwa moja kwa moja kwenye mguu, huko nchi 3 inatosha. Vichwa vizame kidogo maana kichwa kilichochomoza kinachana mfuko wa saruji na mwenye duka atakurudia wewe.

Halafu kuna muhuri, na hapa nataka watu wa huku waelewe vizuri. Paleti za nje zina alama ya suke la ngano na herufi IPPC, pembeni yake nchi, namba ya kiwanda, na HT au MB. HT ni kwamba mbao imepashwa joto mpaka katikati yake ikafika nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, kuua wadudu wa mbao wasisafiri nchi kwa nchi. MB ni kwamba imefukizwa kwa gesi. Sheria ya kimataifa inaitwa ISPM 15, na inasema ukibadilisha vipande mpaka theluthi moja hayo ni matengenezo, ila kila kipande ulichoongeza kiwe kimetibiwa na kiwe na muhuri wake chenyewe. Ukizidi theluthi, futa mihuri yote, itibiwe upya, ipigwe muhuri upya na mwenye kibali. Hii yangu ni vinne kwenye 22, nipo chini ya theluthi, lakini mbao niliyotoa kwenye paleti nyingine haina muhuri juu yake hata kama ile paleti ilikuwa ya HT, siwezi kuthibitisha. Kwahiyo nafuta alama ya zamani kwa randa mpaka isisomeke, na namwambia mteja waziwazi. Paleti yenye muhuri wa zamani na mbao mpya ya mtaani ikienda na mzigo nje, inaweza kukamatwa na mzigo wake. Vibali vya mihuri ni mambo ya mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, fundi wa mtaani kama mimi sina muhuri na sijichongei.

Na zile zenye rangi ya kampuni au zimeandikwa mali ya fulani, usinunue hata zikiwa nzima, hizo zinakodishwa au zinarudi kiwandani, aliyekuuzia hana haki nazo.

Juzi mama mmoja wa dagaa pale Kibirizi kaja, "Fundi, hii itabeba gunia ngapi?" Nikamuuliza, mama, inakaa chini au inainuliwa? Maana ikikaa chini kwenye sakafu iliyonyooka mzigo unashuka kwenye miguu yote tisa, tani moja ya saruji, mifuko 20 ya kilo 50, haiisumbui. Ikiinuliwa na uma au ikikaa kwenye shelfu inashikwa sehemu mbili tu, katikati inaning'inia, hapo iliyotengenezwa siipi tani, nampa mtu ile ambayo haijawahi kuvunjika. Yeye anataka magunia yasiguse sakafu yenye unyevu, basi. Akachukua sita, nikamwambia apange na nafasi ya kiganja kutoka ukutani hewa ipite.

Makasha ya vioo na ya pikipiki siyafungui ovyo. Likiwa zima linauzwa kama lilivyo, likishapasuliwa mbao zake ni nyembamba hazifai hata kuwa spea ya paleti, labda banda la kuku. Vilivyobaki kabisa, miguu iliyooza na vipande vifupi, ndo vinaenda kwa watu wa matofali, nikishatoa misumari maana nayo nauza kwa kilo.